Kufumbua Virai Virefu vya Sheria ya Kijerumani

Katika mikataba ya Kijerumani hutokea kirai kama hiki: *der vom Mieter bis Monatsende zu zahlende Betrag*. Kibainishi *der* kinapofuatwa papo hapo na kihusishi, hiyo ni dalili kwamba nomino yake ingali mbele. Mfasiri huanza na nomino hiyo, *Betrag*, yaani kiasi. Kisha hurudi kwenye umbo la kitenzi lililoitangulia, na mwisho huliongezea mtenda na wakati: “kiasi ambacho mpangaji anapaswa kukilipa kufikia mwisho wa mwezi”. Hatari imo katika *zu*, ambayo hapa hubeba wajibu, na kwingineko uwezekano. Mfasiri akiipuuza na kuandika “kilicholipwa”, deni litasomeka kama malipo yaliyokwisha kufanywa.