Kupitisha au Kurudisha Sampuli ya Mwisho: Mfano wa Fulana za Kola za Shule

Mada yangu inahusu hatua moja tu ya kushonesha nguo kwa wingi: pale kiwanda kinapoleta sampuli ya mwisho, kabla mkasi haujagusa majora ya kitambaa. Nguo hiyo inatakiwa iwe imeshonwa kwa kitambaa chenyewe kitakachotumika, kwa uzi wenyewe, vifungo vyenyewe na nembo yenyewe. Ukiambiwa kitambaa hiki “kinafanana” na kile kitakachokuja, itazame kwa ajili ya mtindo tu, wala usiitie saini.

Tuchukue shule iliyoagiza fulana 600 za kola, za pamba. Kwa saizi L, urefu uliokubaliwa kuanzia bega, pale linapokutana na kola, hadi pindo la chini ni sentimeta 72. Upana wa kifua, nguo ikiwa imelazwa mezani na kupimwa sentimeta 2.5 chini ya kwapa, ni 54. Sampuli inafika, inapimwa, vipimo vyote viwili viko barabara. Wengi hutia saini hapo hapo. Mimi nasema ifuliwe kwanza, mara tatu, kwa sabuni ya kawaida ya nyumbani, ianikwe mpaka ikauke kabisa, kisha ilazwe bila kuvutwa na ipimwe upya.

Tuseme sasa urefu ni 68 na upana ni 53. Upana umepungua sentimeta moja, nayo inavumilika. Urefu umepoteza nne, yaani kitambaa kimerudi kwa karibu asilimia 5.5. Mwanafunzi akiinua mkono kuandika ubaoni, tumbo liko nje.

Mnunuzi akiandika “fulana ni fupi, rekebisheni”, fundi atachukua nakala yake ambayo haijafuliwa, ataona 72, na ataamini kwamba aliyekosea kupima ni mteja. Au ataongeza sentimeta mbili za kukisia ili yaishe. Maelezo yanayomsaidia ni kama haya:

“Saizi L, urefu kutoka bega hadi pindo. Unaotakiwa baada ya kufuliwa mara 3: sm 72, kuzidi au kupungua sm 1. Kabla ya kufuliwa tumepata 72, baada ya kufuliwa 68. Upana wa kifua unakubalika, msiuguse.”

Msiyapuuze maneno ya mwisho. Fundi asipoambiwa kipi kibaki kilivyo, anaweza kupanua kiolezo kizima, na sampuli ya pili ikaja ndefu ya kutosha lakini pana kama kanzu.

Dawa ya kasoro hii ni ama kukata nguo ndefu zaidi, ama kukishughulikia kitambaa kabla ya kukikata. Ikikatwa iwe 76, kwa hesabu ileile itatulia karibu na 72. Lakini kila fulana itakula kitambaa zaidi, na ikiwa mpya itamfika mtoto mapajani. Tena hesabu hiyo inafaa tu ikiwa majora yote yanarudi kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo omba vipande kutoka majora matatu tofauti, chora kwenye kila kimoja mraba wa sentimeta 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika, kisha vifuliwe. Upande mmoja ukirudi hadi 47 kwenye jora hili na 49 kwenye lile, kuongeza urefu hakutasaidia. Hapo kitambaa kipelekwe tena kwa aliyekimalizia akirudishe kwanza kwa mashine, na kikifika kiwandani kikunjuliwe, kipumzike saa 24 kabla ya kukatwa. Mnunuzi aseme matokeo anayoyataka. Njia apendekeze mwenye kiwanda, na aitaje kwa maandishi pamoja na gharama yake.

Si kila kasoro inastahili sampuli mpya. Ncha ya kola ya kulia ikiwa 7.5 na ya kushoto 6.8, wakati zote zinatakiwa 7, andika hivyo, ambatanisha picha yenye rula, na uruhusu kazi iendelee kwa sharti la kuletewa kola iliyosahihishwa. Hilo ni kosa la mkono wa fundi. Kinachogusa kitambaa au kiolezo, kama huu urefu, kirudishwe waziwazi: “Imekataliwa, leteni sampuli nyingine, msikate.” Jibu la “imepita ila rekebisheni urefu” ni hatari, kwa sababu msimamizi wa ukataji husoma neno la kwanza na kuwasha mashine.

Sampuli ya pili ikija na kubaki 71.5 baada ya kufuliwa, ipitishwe. Zishonwe mbili zinazofanana. Kila moja itiwe lebo yenye saini, tarehe na namba ya oda, kisha ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa lakiri. Moja unabaki nayo wewe, nyingine inatundikwa karibu na msimamizi wa mstari wa ushonaji, naye aitumie kulinganisha fulana za kwanza zinazotoka mashineni.