Nefroni kwa Mchoro Mmoja: Kwa Nini Furosemaidi Hushusha Potasiamu

1. Utangulizi

Wanafunzi wa utabibu na uuguzi husoma figo mara mbili: kwanza katika fiziolojia, wakajifunza sehemu za nefroni; kisha katika famakolojia, wakakariri dawa za kuongeza mkojo na madhara yake. Masomo haya yasipokutanishwa, swali dogo huwashinda: furosemaidi haigusi kabisa mahali potasiamu inapomwagwa kwenye mkojo, sasa inaishushaje? Mada hii inapendekeza mchoro mmoja wa kulijibu.

2. Mchoro wenyewe

Chora mrija mmoja ulionyooka, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanzo wake ni glomeruli, mwisho wake ni mkojo. Damu ipite chini yake. Gawa mrija katika vituo vinne: mrija wa karibu, mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, mrija wa mbali, na mrija mkusanyaji.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, zenye sodiamu karibu mmol 25,000. Iite sodiamu hiyo 100. Sasa chora mishale inayoirudisha kwenye damu: takriban 65 katika kituo cha kwanza, 25 cha pili, 5 cha tatu, na chache zilizobaki cha nne. Inayotoka na mkojo kwa kawaida haifiki 1.

Upande wa damu, kila seli ina pampu ile ile: hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Kinachotofautisha vituo ni mlango wa upande wa mrija. Katika kitanzi, sodiamu huingia pamoja na potasiamu na kloridi mbili. Katika mrija wa mbali huingia na kloridi moja. Katika mrija mkusanyaji huingia peke yake, na kuacha chaji hasi ndani ya mrija. Chaji hiyo huivuta potasiamu itoke kwenye seli. Hapo chora mshale wa potasiamu unaopanda kuelekea mkojo. Aldosteroni huukuza mshale huo.

3. Dawa juu ya mchoro

Furosemaidi hufunga mlango wa kitanzi, hidroklorothiazaidi ule wa mrija wa mbali. Amiloraidi huziba njia ya sodiamu ya mrija mkusanyaji, na spironolaktoni huizuia aldosteroni.

Kanuni ya kusoma mchoro ni moja: ukishafunga mlango, tazama kulia kwake. Asetazolamaidi hufanya kazi kwenye mrija wa karibu, penye mshale mkubwa kuliko yote, lakini ni dhaifu, kwa sababu sehemu kubwa ya sodiamu inayoponyoka pale hudakwa na kitanzi. Furosemaidi ina nguvu kwa kuwa vituo vilivyo kulia kwake havina uwezo wa kurudisha mzigo wote unaovifikia.

4. Mgonjwa mmoja

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 60 ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Anatumia furosemaidi mg 40 mara mbili kwa siku. Baada ya wiki mbili uvimbe wa miguu umepungua, lakini misuli imelegea. Potasiamu ya damu imeshuka kutoka 4.1 hadi 2.8 mmol/L, na bikaboneti imepanda hadi 33. Potasiamu ya mkojo ni 45 mmol/L. Ingekuwa imepotea kwa kuharisha, figo zingeibana, na kipimo hicho kwa kawaida kingekuwa chini ya 20. Kwa hiyo zinazoipoteza ni figo.

Fuata mchoro. Sodiamu iliyozuiwa kwenye kitanzi inafika kwa wingi katika mrija mkusanyaji, inaingia, na potasiamu inatoka. Upungufu wa maji mwilini nao unapandisha aldosteroni, mshale unakua zaidi. Hidrojeni hutolewa hapo hapo, ndiyo maana bikaboneti imepanda.

Vidonge vya potasiamu peke yake vinajaza huku uvujaji ukiendelea. Spironolaktoni mg 25 inaupunguza mshale wenyewe. Hata hivyo, kama anatumia pia enalaprili, au kreatinini iko juu, potasiamu inaweza kupanda hadi kuhatarisha moyo. Ipimwe tena ndani ya wiki moja. Magnesiamu nayo ipimwe, maana ikiwa chini, potasiamu haitulii hata ikiongezwa.

5. Mipaka ya mchoro

Mchoro hauonyeshi dawa inavyofika mlangoni. Furosemaidi hushikamana na albumini, hivyo huchujwa kidogo sana. Seli za mrija wa karibu ndizo huisukuma ndani ya mrija. Figo zikiharibika, inayofika ni kidogo, na dozi hulazimika kupanda. Ongeza mshale wa nukta kutoka damu hadi mrija wa karibu.

6. Pendekezo

Katika mtihani, mwanafunzi apewe mchoro mtupu na jina la dawa moja. Achore mlango uliofungwa, kisha aeleze kitakachobadilika kulia kwake na kipimo kitakachothibitisha. Akiweza hivyo kwa hidroklorothiazaidi, ambayo hakufanyiwa mfano, ameielewa nefroni.