Kwa Nini Mwisho wa Masomo Huitwa Mwanzo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee, siku ya mahafali ya vijana waliosaidiwa karo na Chama)



Mzee mmoja wa Chama chetu alisomewa kadi ya mwaliko iliyoletwa na mjukuu wake kutoka chuo kikuu cha ng'ambo. Juu ya kadi lilikuwapo neno la Kiingereza linalotamkwa komensmenti. Akauliza maana yake, akaambiwa, "Ni kuanza." Mzee akasema, "Tumechanga miaka minne amalize, na leo ati ndiyo kwanza anaanza?" Watu walicheka, lakini swali lile lilikuwa la haki, nami leo nataka kulijibu.

Sisi wenyewe twasema kijana amehitimu. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa hitima; maana yake ni kutimiza na kufunga. Lugha yetu, basi, huitazama siku hii kutoka upande wa kazi iliyokwisha. Neno la Kiingereza huitazama kutoka upande wa pili, na sababu yake ni ya kale.

Zamani za vyuo vikuu vya kwanza huko Ulaya, chuo hakikuwa majengo. Kilikuwa chama. Neno la Kilatini walilokiitia lilikuwa na maana ya umoja wa watu, nalo lilitumiwa pia kwa vyama vya mafundi. Katika mji wa Paris, chama hicho kilikuwa cha walimu. Mwanafunzi alikuwa kama kijana anayejifunza useremala: humsikiliza fundi wake na kumsaidia, lakini bado si fundi.

Mwaka 1215 mjumbe wa Papa aliwawekea walimu wa Paris sheria. Kijana asingeweza kufundisha masomo ya sanaa kabla ya kutimiza miaka 21, na kabla ya kusikiliza masomo kwa muda wa miaka 6 au zaidi. Hebu tumfuate kijana mmoja wa namna hiyo. Aliyeanza kusoma akiwa na miaka 15 aliweza kufika mlangoni akiwa na miaka 21. Hapo alipewa na chansela wa kanisa kuu ruhusa ya kufundisha. Ingawa alikuwa na ruhusa hiyo, hakuwa mwalimu bado, kwa kuwa ruhusa ilitoka kwa chansela, na uanachama ulitoka kwa walimu wenyewe.

Basi ilitengwa siku ya kumpokea. Walimu walikusanyika, akavikwa kofia ya ualimu, akaketishwa katika kiti, na papo hapo akatoa somo lake la kwanza. Tendo hilo la kutoa somo la kwanza ndilo lililoitwa kuanza. Hawakusema ameanza maisha. Walisema ameanza kufundisha. Tena sheria ile ya 1215 ilimtaka aahidi kufundisha kwa muda usiopungua miaka 2, ila akizuiwa na sababu ya haki.

Kulikuwa na kasoro pia. Mwalimu mpya alitakiwa kuwafanyia wenzake karamu, na gharama zikazidi, hata Baraza la Kanisa la Vienne, lililokutana mwaka 1311 na 1312, likaziwekea kikomo. Sherehe ilikuwa karibu kuimeza kazi yenyewe. Wazee, neno hili mwalijua.

Desturi ile ilifika Kembriji katika Uingereza, na kutoka huko ikavuka bahari. Mwaka 1642 chuo cha Havadi, Marekani, kilifanya mahafali yake ya kwanza kwa vijana 9, nayo yakaitwa kwa neno lile lile. Lakini vijana wale walipewa shahada ya kwanza tu, ambayo zamani haikumpa mtu kiti cha ualimu. Hivyo neno lilibaki, kofia ilibaki, lakini ahadi ya miaka 2 ilianguka njiani.

Mzee wetu sasa ana jibu lake. Aliyemaliza ni mwanafunzi, na aliyeanza ni mwalimu. Watu wawili hao wamo katika mwili mmoja, na siku yao ni moja.

Nanyi vijana, Chama hiki hakikuwaapisha. Lakini wako watoto wa wanachama wanaokaribia mtihani, na hesabu zinawashinda. Kofia mmekwisha kuvikwa. Ombi langu ni kwamba kila mmoja wenu, kabla ya kuondoka hapa leo, amwambie Bwana Katibu ni siku gani atatoa somo lake la kwanza.