Martha Alipokuwa Jikoni, Nasi Tulikuwa Wapi?

(Neno lililotolewa na katibu kwa niaba ya kwaya, katika ibada ya mkesha wa jubilii ya miaka 25)

Somo: Luka 10:38–42



Tuliombwa tulete neno fupi kabla ya sherehe ya kesho. Tumechagua habari ya wale dada wawili waliomkaribisha Yesu nyumbani, na tumeichagua kwa sababu imetugusa sisi wenyewe.

Kwanza tumtendee haki Martha. Mara nyingi akihubiriwa, anatoka amelaumiwa. Lakini tukiangalia maandiko, Luka anasema ni Martha aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake. Bila Martha, Mariamu asingekuwa na mahali pa kuketi. Tena Yesu hakuwa akisafiri peke yake. Wageni wakiingia kijijini wakiwa na vumbi la safari, lazima maji yatekwe, unga ukandwe, mkate uokwe. Akina mama waliopika katika kanisa hili kwa miaka 25 wanajua kwamba chakula cha wageni hakijipiki.

Wala Yesu hadharau utumishi. Habari inayotangulia hii, katika sura hiyo hiyo, ni ya Msamaria mwema, na pale Yesu alimwagiza mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo. Asingesifu mikono inayotenda halafu aikemee aya chache baadaye.

Basi Martha alikosea wapi? Neno ambalo Luka alitumia katika Kigiriki kueleza hali yake lina maana ya kuvutwa huku na huku, kama mtu anayeshikwa mikono na watu wawili wanaokwenda njia tofauti. Hakuambiwa kwamba kupika ni vibaya. Aliambiwa kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Shida haikuwa kwenye sufuria, ilikuwa kwenye sikio. Mgeni alikuwa sebuleni akinena, na mwenye nyumba hakuwa na nafasi ya kumsikia.

Tazameni jinsi hali hiyo ilivyojionyesha. Dalili ya kwanza ni kwamba alianza kuhesabu nani anafanya kazi na nani hafanyi. Ya pili, hakusema na dada yake, alimshtaki kwa mgeni. Ya tatu ndiyo nzito: alimwuliza Bwana kama hajali, kisha akampa maagizo ya kufanya. Aliyekuja kumtumikia Bwana akaishia kumtuma Bwana.

Naye Mariamu hakuwa mvivu. Kuketi miguuni pa mwalimu kulikuwa ndiko kuwa mwanafunzi. Paulo anatumia maneno hayo hayo katika Matendo 22:3 akieleza jinsi alivyofundishwa miguuni pa Gamalieli. Mariamu alikuwa darasani, mahali ambapo wengi wa wakati ule hawakutarajia mwanamke aketi, na Yesu alikataa aondolewe.

Sasa tuje kwetu. Mwaka juzi tulikaribisha kwaya sita kwa siku ya uimbaji. Tulijipanga vizuri: sare zilipigwa pasi, tenti zilisimamishwa mapema, nyimbo nne zilikuwa tayari, kila mgeni akala akashiba. Jioni kamati iliketi kutathmini siku. Tulizungumza juu ya spika iliyokwaruza, sukari iliyopungua, na soprano walioingia kabla ya wakati katika wimbo wa tatu. Ndipo mama mmoja wa alto akauliza, "Mhubiri alisoma wapi leo?" Tukatazamana. Tulikuwa kumi na mmoja pale mezani, na hakuna aliyeweza kujibu. Wakati wa mahubiri wengine tulikuwa tukipanga faili, wengine tukihesabu sahani, wengine tukinong'onezana ufunguo wa wimbo unaofuata.

Hilo tulicheka likapita. Lingine hatukucheka. Katika wiki za maandalizi, ndugu yetu mmoja wa tena alikuja kwa ofisi yetu ya kwaya baada ya mazoezi, akasema ana jambo angependa tuombe pamoja. Tulikuwa na orodha ya michango mkononi. Tukamwambia, "Ngoja kidogo tumalize hii orodha." Alingoja kidogo, kisha akaenda. Jumamosi iliyofuata hakuja. Katika daftari la mahudhurio tuliandika "hayupo." Tukaandika hivyo mara sita. Tulipomtembelea mwishowe, tulikuta amefiwa na mtoto, na mazishi yamekwisha kufanywa kwao mashambani. Kwaya yake haikumwimbia mtoto wake.

Alitusamehe, na kesho atasimama nasi. Lakini ile orodha ilikuwa kazi ya Bwana, na ndiyo iliyotuziba masikio tusimsikie ndugu wa Bwana.

Sisi waimbaji tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mnajua kinachotokea tukiimba bila kinanda huku kila mmoja akijisikia mwenyewe tu. Tunaanza do ikiwa G, na tukimaliza, mwalimu akigusa kinanda, tunakuta tumeshuka hadi karibu na F. Hakuna aliyetambua, kwa kuwa tulishuka pamoja, kidogo kidogo. Na mwalimu hatuambii tuongeze sauti. Anatuambia tupunguze, tumsikilize besi, kisha tuanze upya. Nyimbo zetu hurudi mahali pake kwa sikio kabla ya koo. Ndivyo ilivyo na utumishi: unashuka polepole huku mikono yote ikiwa kazini.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo machache. Faili zinapangwa kabla ya ibada, na mhubiri akisimama hakuna karatasi inayofunguliwa. Kikao cha kamati hakianzi na fedha, kinaanza na mmoja wetu kueleza alichosikia katika mahubiri ya Jumapili. Kabla ya kujifunza wimbo mpya tunasoma fungu la Biblia lililouzaa, mara mbili, kisha tunanyamaza. Na jina likikosekana mara mbili katika daftari, mtu anapiga simu siku hiyo hiyo. Kesho pia wapishi wamegawanywa zamu mbili, ili kila mmoja apate kuketi kanisani wakati wa neno. Chakula kikichelewa nusu saa, wageni wetu mtatuvumilia.

Hatutaki kuacha jiko. Yohana 12 inatuonyesha nyumba ya Bethania tena, siku sita kabla ya Pasaka. Yesu yuko mezani, Mariamu yuko tena miguuni pake, safari hii na marhamu. Na Martha? Anatumikia. Kazi ni ile ile, lakini hahesabu nani anamsaidia, hamshtaki mtu. Katikati ya habari hizo mbili alikuwa amefiwa na kaka yake, akatoka kumlaki Yesu njiani, akamsikiliza, akamkiri kuwa ndiye Kristo. Aliyesikia alirudi jikoni akiwa mtu mwingine.

Ndugu wapendwa, kesho tutaimba nyimbo nyingi. Tuombeeni tusimwimbie Bwana kwa sauti kubwa kiasi cha kutosikia anachotuambia, wala anayelia karibu nasi.

Mungu awabariki.