Picha ya meleze ukutani: namna tunaiandikia programu

(Mazungumzo kwenye mkutano wa memba)



Mnajua kwamba kwenye atelie ya ufundi chuma vijana wengi hawasomi maandishi ya ukutani, wanaangalia picha. Juu ya ile tunatengeneza mabango, na siku hizi tunatumia programu ya akili bandia: unaandika maneno, yenyewe inachora. Leo tunasema bango moja tu, lile la meleze, ile masini ya mkono yenye diski ya kukatia na kusugua chuma. Picha mbaya ya kikapu haiumizi mtu. Picha mbaya ya meleze inaweza kumfundisha kijana kuweka vidole fasi haviwezi kukaa.

Kwa kujaribu, tuliandika kwanza maneno machache: mtu anakata chuma na meleze. Picha ilipendeza sana, cheche zinaruka, chuma kinang'aa kama kioo. Fundi wetu aliiangalia kidogo tu, akasema: "Huyu ni wa kupeleka hospitali." Kikinga cha diski hakikuwepo, mkono wa kushoto ulikuwa karibu kugusa diski, na kidole kimoja kilipotelea ndani ya mpira wa mshiko. Programu haijui kazi. Inajua tu namna picha zinavyofanana, na usipoitajia kikinga, inaweza kukiacha bila kujali.

Kwa hiyo sasa tunataja kila kitu. Tunaandika kwa Kiingereza, kwa sababu programu nyingi zilifundishwa zaidi na maelezo ya lugha ile:

```
side view, angle grinder with steel disc guard,
matte cast aluminium gear head, grey ribbed rubber grip,
right hand on rear body, left hand on side handle,
fingers wrapped around handles, far from the disc,
brushed steel plate in a vise, soft side light
```

Angalieni chuma kwanza. Kichwa cha meleze ni aluminiamu ya kumimina, haina mistari ya brashi. Ndiyo maana neno `brushed` tumelipeleka kwa sahani iliyobanwa kwenye etau. Ukiandika chuma peke yake, mara nyingi utapata kioo. Chuma cha brashi kina mistari miembamba inayokwenda upande mmoja, na mwanga wake hausimami kama nukta: unavutwa mrefu, kukatisha ile mistari. Kama mistari inapinda ovyo katikati ya sahani, picha imeharibika.

Mpira nao una shida yake. Bila neno `ribbed`, unaweza kutoka laini na kung'aa kama plastiki ya ndoo. Tena mafundi wetu ni weusi, na mpira mweusi kwenye mwanga mdogo unafanya programu ishindwe kuona kidole kinaishia wapi. Ndiyo maana tunaweka mpira wa kijivu, na mwanga wa ubavuni, ili kila kidole kipate kivuli chake.

Kwa mikono, tunaandika kile kinachotakiwa kuonekana. Ukiandika "usiweke mkono karibu na diski", programu nyingi zinashika maneno "mkono" na "diski" na kuviweka pamoja. Picha ikitoka, tunafuata kila kidole toka kwenye fundo mpaka ukucha, tunafuata mkono mpaka begani, halafu tunaangalia kama kikinga kiko kati ya diski na mwili.

Mkono mmoja ukikataa, hatutupi picha yote. Tunafunika mkono ule peke yake na kuomba uchorwe tena, hata mara sita. Ukiendelea kukataa, tunapiga foto ya fundi akishika meleze iliyochomolewa umeme, tunaipa programu kama msingi. Pale penye namba ya nguvu ya kubadilisha, tunaiweka karibu na 0.4: ikipanda sana, programu inasahau foto na kuanza kubuni vidole vyake.

Kwenu wafadhili: chini ya kila picha ya namna hii tunaandika kwamba imechorwa na akili bandia, na haiingii kwenye raporo kama ushahidi wa kazi. Kwa raporo ni foto za kweli tu. Na hakuna bango linalochapishwa kabla fundi hajatia sahihi nyuma yake.

Bango la pereze ya kusimama linafuata, na maneno yake yatakuwa mengine. Pale tutaandika `bare hands, sleeves rolled up`, kwa sababu glavu ikikamatwa na ncha inayozunguka, inavuta na mkono.