Kikohozi cha kubweka na koo lililovimba: mtoto asilizwe

(Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata)



Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameshinda na mafua mepesi. Usiku wa manane anaamka akikohoa kwa sauti nzito, mfano wa mbwa anayebweka. Sauti yake imekauka, na kila avutapo pumzi husikika mlio wa mkwaruzo. Huo ni ugonjwa wa krupu. Virusi vimevimbisha koromeo, mahali penye sauti, na njia ya hewa iliyo chini yake. Njia hiyo kwa mtoto ni nyembamba mno: ikiwa na upana wa milimita 4, uvimbe wa milimita moja kuizunguka huacha robo tu ya nafasi.

Mtoto wa pili ana miaka mitatu. Asubuhi alikuwa mzima. Jioni homa ni kali, hataki hata kumeza mate, nayo yanamtiririka kidevuni. Hakohoi. Ameketi ameinama mbele, kidevu amekitokeza, sauti yake kama ya mtu mwenye tonge kinywani. Huyu kidakatonge chake, kile kifuniko kizuiacho chakula kisiingie njia ya hewa, kimevimba kwa bakteria. Ugonjwa huu huitwa epiglotaitisi, na waweza kuua kwa saa chache. Ukimya wake ndio unaowahadaa wazazi, kwa kuwa yule anayebweka ndiye anayetisha zaidi masikioni.

Kwa wote wawili, koo lisichokozwe. Mtoto anayelia huvuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo huzikutanisha kuta laini za njia iliyokwisha kubana. Kwa mwenye epiglotaitisi, kijiko cha kukandamizia ulimi, kidole, au kumlaza chali vyaweza kuifunga njia yote. Basi apakatwe na mama yake, aketi apendavyo, asilazimishwe dawa wala maji. Wapo wanaokimbilia kumkata mtoto kimeo; huko ni kutia jeraha na kilio penye tundu lisilostahimili hata kimoja.

Mwenye krupu hupewa kituoni dozi moja ya deksamethasoni, inayopimwa kwa uzito wake. Antibayotiki hazimsaidii, maana hazitibu virusi. Mlio ukisikika hata akiwa ametulia, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, apelekwe usiku uleule. Anayetokwa mate apelekwe moja kwa moja hospitali yenye mtaalamu wa usingizi, awezaye kupitisha mpira wa hewa kabla koo halijaguswa; antibayotiki za sindano hufuata.

Bakteria aliyezoeleka kusababisha epiglotaitisi, Hib, amo katika chanjo ya pentavalenti, itolewayo kliniki mtoto afikapo wiki 6, 10 na 14. Krupu haina chanjo yake, hivyo kubweka kutaendelea kusikika hata kwa waliokamilisha kadi.