Samaki Mkunje, Huko Mlimani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya methali, lakini tuziache kando kidogo zile tulizorithi kwa bibi zetu. Nataka tuzungumze juu ya methali za watu ambao hawapo.

Kijana mmoja aliniletea mswada wa mchezo wa redio. Kabila lenyewe amelibuni mwenyewe, akaliita watu wa Kigaeni. Wanaishi juu ya mlima wenye baridi na ukungu, kuni zao ni mbichi mwaka mzima, kiberiti hawakijui. Moto wao ni mmoja tu, walioachiwa na wazee wao, na kila usiku nyumba moja hukesha kuulinda. Ukizimika, ni safari ya siku mbili kwenda bondeni kwa watu wasioelewana nao, kununua kaa la moto kwa bei ya mtamba mmoja. Nilifurahi. Hata ramani alikuwa amechora.

Basi nikafika ukurasa wa tatu. Mzee wa kijiji anamwonya mama mwenye mtoto mtundu, anakohoa kidogo kama wazee wafanyavyo, kisha anasema: "Samaki mkunje angali mbichi." Samaki wa wapi, jamani, juu ya mlima huo? Kurasa mbili mbele msichana anamjibu mwenzake, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Msichana huyo hajaona mtumbwi tangu azaliwe. Mlima mzima ulinishukia hapo hapo, nikawa nimesimama Forodhani.

Kosa hili ni la kawaida kwa waandishi wetu. Mtu hubuni nchi, akabuni mfalme na mavazi, halafu watu wake wakifungua vinywa wanasema maneno ya pwani. Na msikilizaji wa redio haoni mavazi wala mlima. Ana masikio tu. Kwake yeye kabila hilo ni maneno yao, hana kingine cha kulijulia.

Shaaban Robert, alipobuni nchi yake ya angani katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alitumia njia ya majina: mshitakiwa ni Karama, waziri anayemshitaki ni Majivuno. Jina likitajwa tu umekwisha jua nani anasimamia nini. Ni njia nzuri kwa hadithi ya mafumbo. Kwa mchezo wa watu wa kawaida, wanaopika na kugombana, ni nzito mno. Mmarekani Frank Herbert alipita njia nyingine katika riwaya yake Dune ya mwaka 1965. Watu wake wa jangwani huthamini maji kuliko kitu chochote. Kiongozi wao mmoja anafika mbele ya mtawala mgeni, anatema mate mezani. Walinzi wanakasirika, mpaka mtu mmoja anayewajua watu wale anawaeleza kwamba mgeni ametoa heshima: ametoa maji ya mwili wake. Mwandishi hakuhitaji hotuba juu ya thamani ya maji. Mate yametosha.

Sasa turudi Kigaeni, tuwatafutie maneno yao. Jaribio la kwanza la kijana wangu, baada ya kumwondoa samaki, lilikuwa "Moto ni uhai." Nikamwambia hiyo ni bango la ukutani. Kwanza, ipeleke kwa wavuvi, useme "Bahari ni uhai," hakuna kilichobadilika. Methali inayohama hivyo bila kuumia haina kwao. Pili, hakuna anayeweza kugombana nayo. Methali huzaliwa pale watu wawili wanapovutana, mmoja akatafuta neno la kumnyamazisha mwenzake. Waulizeni akina mama wanaochagua kanga dukani: hawasomi jina la kanga kutafuta hekima, wanatafuta la kumpelekea jirani bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo tulianza na vyombo. Tukaorodhesha kila kitu ambacho mkono wa mtu wa Kigaeni hugusa kwa siku moja: kuni, mafiga, jivu, kaa, kigae cha kupalia moto, upepo, zamu ya usiku, na yule mtamba. Halafu tukajiuliza wanagombania nini. Jambo la kwanza lilikuwa wazi: mtu akija na kigae kuomba moto, je, umpe tu, au umwulize unakwenda wapi?

Wapo watakaosema mpe. Moto ukigawiwa haupungui, na ukimnyima jirani leo, kesho wako utazimika. Neno lao likawa: "Kigae hakiulizwi kiendako." Sikilizeni jinsi lilivyofungwa. Halikusema "ni vizuri kutoa bila kuuliza." Limetaja chombo na kitendo, na limeishia kwa kile kirejeshi cha mwisho, kiendako, kilicho na ladha ya zamani. Lugha yetu ina viungo kadhaa vya namna hiyo. Kuna hu- ya mambo ya siku zote, na kuna lile jina la mtenda lililobeba kazi yake mgongoni, kama tusemavyo mtaka cha mvunguni, mchumia juani. Ukitumia viungo hivyo hata methali uliyoitunga jana husikika kama ya babu.

Lakini kabila lenye methali moja ni kabila la karatasi. Sisi wenyewe tunasema haraka haraka haina baraka, na tumbo likiuma tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hatuoni aibu. Watu halisi huweka akiba ya maneno ya pande zote mbili. Basi yule mwenye hofu, ambaye paa lake ni la nyasi na amewahi kuona cheche ikiruka, naye akapewa lake: "Mpa moto huuliza upepo." Yaani toa, lakini tazama kwanza kitu hicho kitakwenda kuunguza nini. Hapo Kigaeni ikaanza kupumua, maana sasa mtu akija kuomba mahindi ya kumpa ndugu aliyefukuzwa kijijini, wenyeji wana mambo mawili ya kuambiana, na yote mawili ni ya wazee wao.

Nataka niseme pia juu ya maneno madogo, kwa sababu waandishi huyasahau wakikimbilia methali. Salamu hutumika mara hamsini pale ambapo methali hutumika mara moja. Watu wa Kigaeni hawaulizani habari za asubuhi. Wanaulizana, "Limeamka?" na jibu ni "Limeamka," yaani kaa. Mtu akifa hawatamki neno kuzimika, huo ni mwiko mkubwa. Wanasema "amepaliwa," kama kaa lililochukuliwa kwenye kigae kupelekwa nyumba nyingine. Na tusi lao kubwa kuliko yote ni "mwana wa mtamba." Zamani, nyumba moja ililala zamu, moto ukazimika, kijiji kikatoa mtamba. Waliolala wamekwisha kufa siku nyingi, lakini wajukuu wao bado wanaitwa hivyo. Kwa tusi hilo moja msikilizaji amejua kwamba hapa aibu hurithiwa kama shamba, na wala hakuna aliyemweleza.

Hapo ndipo penye uzito, kwa maoni yangu. Ukibuni msemo, umeamua nani atanyamazishwa nao. Wazee wa Kigaeni wana methali wanayoipenda sana: "Kaa hulazwa na jivu la jana." Nayo ni kweli kabisa. Aliyewahi kupikia kuni anajua kwamba kaa lililoachwa wazi hujila lenyewe likaisha kabla ya usiku wa manane, lakini lililofukiwa jivuni halipati hewa nyingi, basi huwaka polepole, na asubuhi ukilifukua utalikuta jekundu. Kwa vile ni kweli jikoni, wazee wanaitumia kila mahali: vijana watulie chini ya wazee. Vijana nao wana lao, "Usiku wa zamu hauna mzee," kwa sababu usiku huo anayesinzia ni hatari, awe na mvi au asiwe nazo.

Tukaandika tukio. Desturi ni kwamba zamu hupewa nyumba yenye mwanamume. Mjane kijana anakwenda barazani kudai nyumba yake ihesabiwe, kwa kuwa nyumba isiyokesha ndiyo hupewa moto mwisho. Mzee hamkatalii kwa hoja. Anamtazama, anasema, "Kaa hulazwa..." na wenzake wanamalizia kwa pamoja, "na jivu la jana." Kimya. Mjane anasema, "Usiku wa zamu hauna mzee." Mzee anatabasamu, kwani hiyo anaijua, ni ya vijana wa kiume. Ndipo mjane anaongeza: "Wala hauna mume."

Mkia huo haukuwamo katika methali. Ameushona yeye, pale pale, mbele yao, na umekaa sawa kwa mizani na kwa maana, hata hawawezi kuukataa bila kuikataa methali yenyewe. Mzee anaangalia chini muda mrefu. Kisha anamwambia: "Kesho ulete kuni."

Tulilijaribu tukio hilo kwa dada mmoja mpiga chapa ambaye hakujua lolote juu ya Kigaeni. Tulimsomea tangu mwanzo, tukasimama kabla ya jibu la mzee, tukamwuliza nani ameshinda. Akajibu bila kusita. Angetuuliza "maana yake nini?" tungejua kwamba methali zilitangulia kabla ya msikilizaji kuviona vile vitu, na dawa yake isingekuwa kuzieleza. Methali inayoelezwa imekwisha kufa. Dawa ni kurudi nyuma na kumweka mtu anayefukia kaa jivuni, tusikie chakarachakara ya jivu, siku mbili kabla ya baraza.

Kwa mchezo wa dakika 15 mimi naona methali mbili zinatosha, tatu zikizidi. Mara ya kwanza isemwe nzima, mahali ambapo chombo chenyewe kipo mkononi. Mara ya pili ikatwe nusu. Mara ya tatu igeuzwe, kama alivyofanya mjane. Na zisigawiwe kwa wote sawasawa, maana wapo wanaosema kwa methali na wapo wanaozikimbia. Mtoto huzikosea. Mwenyeji akiona jirani anasitasita mlangoni na kigae mkononi, husema neno moja tu, "Kigae!" na mambo yamekwisha. Mfanyabiashara wa bondeni, aliyezoea kuja kuuza chumvi na anayetaka aonekane mwenzao, husema methali nzima mpaka mwisho, kwa matamshi mazuri kabisa, "Kigae hakiulizwi kiendako." Wote humkaribisha kwa adabu, na wote wamejua si wa pale.